Omba Jibu Lenye Irabu

Anayeanza kusoma Kiarabu akimwandikia mwalimu wake kwa simu, mara nyingi hujibiwa kwa herufi tupu. Kafu, tee na bee bila irabu zaweza kusomeka kataba, "aliandika", kutiba, "iliandikwa", au kutub, "vitabu". Mzoefu huamua kwa kuitazama sentensi nzima, uwezo ambao mwanafunzi mpya bado hana. Basi ombi liwe wazi: "Mwalimu, naomba unitilie irabu kila neno, pamoja na shada na irabu ya mwisho." Shada husahaulika upesi, nayo ndiyo hugeuza darasa, "alisoma", kuwa darrasa, "alifundisha". Jibu likifika, kagua herufi mojamoja. Isiyo na alama, kama si ya kuvuta sauti wala ya "al", iulizie.