Sapu Iliyobaki Kwenye Transkripti

Kila mwaka vijana wetu waliohitimu shahada ya kwanza hujaza fomu za ufadhili wa shahada ya uzamili, na wengi hukwama mahali pamoja. Barua ya maombi imekamilika, wadhamini wamepatikana, lakini kwenye transkripti kuna E ya mwaka wa pili. Wengine huamua kuinyamazia wakiamini haitaonekana. Wengine huijazia ukurasa mzima wa maelezo. Nimesoma barua nyingi za aina zote mbili, na ninaamini zote huwaponza waombaji ambao wangeweza kufaulu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uchumi ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alipata GPA ya 3.7. Mwaka wa pili alianguka Takwimu, akafanya sapu akaanguka tena, akalibeba somo hilo hadi mwaka wa tatu. GPA ya mwaka huo ilishuka hadi 2.6. Mwaka wa tatu alipanda hadi 4.1. Kama miaka yote ina uzito sawa, wastani wake ni takriban 3.47, na chuo chake hukata desimali ya pili bila kuikadiria juu. Amehitimu na 3.4, yaani daraja la pili la chini, pointi moja ya desimali kabla ya 3.5 inayofungua daraja la pili la juu.

Msomaji wa maombi huanza na hiyo 3.4. Baada ya hapo hupitisha jicho kwenye safu za masomo, na ile E humsimamisha. Swali linalomjia ni moja: je, udhaifu huu upo bado? Anataka kujua kama kijana huyu, akipelekwa kwenye darasa la uzamili lenye takwimu nzito kuliko zile, ataanguka tena. Kila sentensi ya maelezo yako ipimwe kwa swali hilo.

Sasa tazama maelezo ambayo wengi huandika: “Katika mwaka wa pili nilipitia changamoto mbalimbali zilizokuwa nje ya uwezo wangu, ikiwemo kuchelewa kwa boom na mwalimu ambaye hakufundisha vizuri. Hata hivyo nilipambana na kusonga mbele.” Huenda yote ni kweli. Lakini “changamoto mbalimbali” haimwambii msomaji chochote. Mwalimu huyohuyo alifundisha darasa zima, na wapo waliofaulu. Boom ilichelewa kwa masomo yote, ilhali aliyeanguka ni Takwimu tu. Tena, kama chanzo kilikuwa nje ya uwezo wako kabisa, hakuna kinachozuia kisijirudie ugenini.

Maelezo yanayosimama huenda kwa hatua nne: kilichotokea, chanzo chake, ulichobadilisha, na matokeo ya badiliko hilo. Mwanafunzi wetu angeweza kuandika hivi:

“Mwaka wa pili nilianguka Takwimu, nikaanguka pia mtihani wa marudio, na nikalibeba somo hilo hadi mwaka wa tatu. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye kibanda cha uwakala wa pesa za simu kila jioni hadi saa nne usiku ili kumlipia mdogo wangu ada, na nilichelewa kumweleza mshauri wangu wa masomo. Mwaka wa tatu nilibaki na kazi ya Jumamosi na Jumapili pekee, na kila Jumatano nilifanya maswali ya mitihani iliyopita pamoja na wenzangu watatu. Nilifaulu Takwimu kwa C, daraja la juu kabisa ambalo chuo changu hutoa kwa somo la marudio; muhula uliofuata nilipata B+ katika Ekonometria, na utafiti wangu wa mwisho, uliotegemea uchambuzi wa takwimu za kaya 120, ulipata A.”

Hapa kazi ya jioni imetajwa kama chanzo, lakini kosa la kuchelewa kutafuta msaada amelibeba mwenyewe. Ndipo sababu inapoachana na kisingizio. Sababu huacha sehemu yako ionekane, kisingizio huifunika.

Zaidi ya hapo, tazama ushahidi aliouchagua. C ya marudio peke yake ingemdhuru, kwa sababu msomaji wa nchi nyingine hajui kwamba vyuo vyetu vingi havitoi zaidi ya hapo hata ukipata alama 90. Ndiyo maana ameieleza. Kisha akaitaja Ekonometria, somo ambalo hulielewi bila takwimu. Angeweza kujisifu kwa A ya Stadi za Mawasiliano, lakini A hiyo isingejibu swali. Aliyeteleza kwenye hesabu athibitishe kwa hesabu; aliyeanguka maabara athibitishe kwa kazi ya maabara.

Kwa aliyerudia mwaka, hatua ni zilezile, ila afafanue kwanza maana ya pengo. Shahada ya miaka mitatu iliyochukua minne inaweza kuwa ya mtu aliyerudia mwaka kwa kufeli, au ya mtu aliyeahirisha kwa ruhusa ya chuo kwa sababu ya ugonjwa au uzazi. Transkripti haitenganishi mambo haya vizuri kila mara. Sentensi moja inatosha: uliahirisha lini, kwa sababu gani, ulirudi lini. Tarehe lazima zilingane. Ukisema uliugua Januari wakati mitihani uliyoanguka ilikuwa Julai, eleza kilichoendelea katikati. Na usitafute cheti cha hospitali cha kubuni. Uongo ukigundulika, hata nafasi uliyokwisha kupewa hufutwa.

Maelezo haya yasizidi aya moja, na yasikae mwanzoni mwa barua. Kwanza msomaji ajue unataka kusoma nini na umefanya nini. Kama fomu ina sehemu ya maelezo ya ziada, yaweke huko na barua uiachie mipango yako. Usieleze kila C uliyopata. Eleza kile tu ambacho mtu asiyekujua angekiuliza. Kisha muombe mwalimu wa somo ulilonyanyukia, kwa mfano huyo wa Ekonometria, awe mdhamini wako. Mpe transkripti na barua yako asome, umweleze wazi kuhusu sapu. Mwalimu akiandika mwenyewe kwamba aliona ukibadilika, neno lako linapata shahidi.

Upo mpaka ambao maelezo hayauvuki. Pale tangazo linaposema kiwango cha chini ni 3.5 bila nafasi ya kujadiliana, 3.4 huchujwa kabla barua haijasomwa. Andikia ofisi ya udahili kwanza uulize kama uzoefu wa kazi au matokeo ya mwaka wa mwisho huzingatiwa, kabla hujalipa ada ya maombi.

Na kama somo ulilofeli lilikuwa la muhula wa mwisho, transkripti yako haina somo la baadaye la kukutetea. Aya nzuri haitaziba pengo hilo. Tafuta kozi fupi yenye mtihani katika fani hiyohiyo, au kazi ambayo msimamizi wake anaweza kuandika ulichochambua na jinsi ulivyokichambua. Ikibidi, ahirisha maombi kwa mwaka mmoja. Ni heri kuomba mwaka ujao ukiwa na ushahidi kuliko kuomba mwaka huu ukiwa na ahadi.