Mwanya Kati ya Ioni: Jinsi Vipimo Vinavyotabiri Umbo la Fuwele

Kauri nyingi hujengwa na ioni za aina mbili. Ioni chanya zimepoteza elektroni, kwa hiyo zimesinyaa. Ioni hasi zimeongezewa elektroni, nazo zimevimba. Hizo kubwa ndizo zinazojaza fuwele, zikirundikana kama machungwa mezani sokoni, na zile ndogo hujibana katika mianya inayobaki. Umbo la fuwele hutegemea sana jambo moja: kila ioni chanya inaguswa na majirani wangapi. Wanne, sita na wanane ndizo idadi zinazoonekana mara nyingi.

Kinachotawala idadi hiyo ni mvutano wa umeme. Ioni chanya hutaka majirani wengi kadiri iwezekanavyo, lakini kila mmoja sharti aguswe. Mwanya ukiwa mpana kuliko ioni iliyomo, majirani hugusana wao kwa wao, na kwa kuwa wote ni hasi, husukumana. Mpangilio wa namna hiyo haukai. Ioni ikiwa kubwa kidogo kuliko mwanya hakuna tatizo, maana huwatanua majirani na kuwaachanisha. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni uwiano: nusu kipenyo cha ioni chanya kugawanywa kwa nusu kipenyo cha ioni hasi.

Oksidi ya magnesi, ambayo hutumika katika matofali ya kuta za ndani za matanuru ya chuma, ni mfano mzuri. Ioni ya oksijeni ina nusu kipenyo cha pikomita 140 hivi, na ya magnesi 72. (Pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita.) Chukua oksijeni nne zinazogusana katika umbo la mraba. Upande wa mraba, kutoka kitovu hadi kitovu, ni 280. Ulalo wake hupatikana kwa kuzidisha mara 1.414, kipeuo cha pili cha 2, nao ni 396. Katika ulalo huo oksijeni mbili za pembeni zimeshachukua 280, hivyo zinabaki 116, na nusu yake ni 58. Huo ndio mwanya. Ukiongeza oksijeni moja juu na moja chini, majirani wanakuwa sita na mwanya unabaki uleule. Gawanya 58 kwa 140: jibu ni 0.414, nalo halibadiliki hata ioni ziwe za ukubwa gani.

Magnesi yenye 72 inaujaza mwanya huo na kuutanua kidogo. Majirani wanane, waliokaa kwenye pembe za mchemraba, wangeacha mwanya wa 102 hivi, na magnesi ingeelea humo. Basi ni sita, na fuwele inafuata mpangilio wa chumvi mawe, uleule wa chumvi ya mezani ambao Lawrence Bragg aliubaini kwa eksirei mwaka 1913.

Sulfidi ya zinki huenda njia nyingine. Ioni ya sulfuri ni kubwa, pikomita 184, na zinki ni 60 tu. Uwiano ni 0.33. Mwanya wa majirani sita ungekuwa 76, mpana mno. Wa majirani wanne, waliokaa kama pembe za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, huanzia uwiano wa 0.225, na zinki inautosha bila shida. Hivyo ndivyo lilivyo madini la blendi ya zinki. Lakini sulfidi hiyohiyo ina umbo la pili, vurtzaiti, ambalo nalo lina majirani wanne na hutofautiana kwa jinsi tabaka zinavyopandana. Uwiano hauwezi kuchagua kati ya hayo mawili.

Kasoro kubwa zaidi imo ndani ya vipimo vyenyewe. Nusu kipenyo cha zinki ni 60 ikiwa na majirani wanne, lakini ni 74 ikiwa na sita, kwa hiyo anayehesabu anatumia jibu analolitafuta. Isitoshe, ioni si mipira migumu. Floridi ya potasi ina uwiano unaozidi 1, na kanuni ingeipa majirani wanane au zaidi; ina sita. Iodidi ya lithi ina 0.35, na ingepaswa kuwa na wanne. Nayo ina sita.

Oksidi ya zinki hukosea upande wa pili. Hata kwa kipimo kidogo cha 60, uwiano wake ni 0.43, na sita ndiyo iliyotarajiwa, lakini ina majirani wanne. Hapa zinki na oksijeni hushirikiana elektroni kwa kiasi, na kifungo cha namna hiyo kina mwelekeo: hupendelea pembe za piramidi badala ya kujali nafasi peke yake. Ikigandamizwa kwa kanieneo ya karibu gigapaskali 9, takriban mara 90,000 ya ile ya hewa, fuwele hiyo hubadilika na kuchukua mpangilio wa chumvi mawe, kwa sababu majirani sita hutumia nafasi ndogo kuliko wanne.