Homa Baada ya Kemo: Usisubiri Kupambazuke

Wengi wetu tumeizoea homa. Mtu akichemka humeza panadol, hulala, na asipopata nafuu ndipo huenda kupima malaria. Kwa mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa kemo, utaratibu huo unaweza kugharimu maisha.

Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, lakini na za uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ziko hivyo pia. Uboho ukipigwa, neutrofili hupungua. Hizi ni seli nyeupe za damu zinazowahi kupambana na bakteria, na kwa kuwa haziishi muda mrefu, zisipotengenezwa nyingine akiba huisha upesi. Kwa dawa nyingi, kiwango hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena. Wakati huohuo dawa huchubua utando wa mdomo na utumbo, na bakteria wanaoishi tumboni bila madhara hupata njia ya kuingia kwenye damu.

Tuchukue mfano wa mama wa Morogoro anayetibiwa saratani ya matiti kwa doksorubisini, ile dawa nyekundu, pamoja na siklofosfamidi, kila baada ya siku 21. Usiku wa siku ya 10 anasikia baridi. Kipimajoto kinasoma 38.4. Hakohoi, haharishi, mkojo hauwashi, na kovu la upasuaji ni kavu. Mumewe anaona hakuna la kutisha, wasubiri asubuhi.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Uvimbe, wekundu na usaha hutokana kwa sehemu kubwa na kazi ya neutrofili zenyewe. Usaha wenyewe umejaa neutrofili zilizokufa. Zisipokuwepo, hata picha ya kifua inaweza kuonekana safi ilhali nimonia imeanza. Homa inaweza kuwa dalili pekee, na bakteria wakienea kwenye damu, presha inaweza kushuka ndani ya saa chache. Wako pia wanaoshambuliwa bila homa kabisa, hasa wazee na wanaotumia dawa za steroidi. Kutetemeka, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu ghafla ni sababu tosha ya kukimbilia hospitali.

Kwa hiyo mgonjwa akifikisha 38.3 mara moja, au 38.0 ikadumu kwa saa moja, aende hospitali usiku huohuo. Asimeze panadol kwanza, kwani hushusha homa na kuficha ugonjwa. Asipimwe joto kwa njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo huko ni mlango wa bakteria. Akifika mapokezi, neno la kwanza liwe hili: “Niko kwenye kemo, nina homa.”

Mama yule alikwenda. Alichukuliwa damu ya kuotesha bakteria, akapimwa na malaria, lakini antibaiotiki ya mshipa haikusubiri majibu. Lengo ni ianze ndani ya saa moja. Hata kipimo cha malaria kingesoma chanya, bado angehitaji antibaiotiki hiyo, kwa sababu malaria haizuii bakteria kuwepo. Karatasi ya maabara ilionyesha neutrofili 0.2, yaani seli 200 kwa kila mikrolita ya damu. Chini ya 500 ni hatari kubwa. Siku ya tano homa ilikuwa imeisha na seli zimefika 1,100, akaruhusiwa.

Katika mzunguko uliofuata alipewa filgrastimu, sindano ya chini ya ngozi inayouhimiza uboho kutengeneza neutrofili haraka. Kwa kawaida huchomwa kila siku kwa siku kadhaa, mpaka seli zipande. Ipo pia pegfilgrastimu, inayochomwa mara moja tu kwa mzunguko. Zote huanza angalau saa 24 baada ya kemo. Zikiwahishwa, seli changa zilizohimizwa kugawanyika zitakutana na dawa iliyobaki mwilini na kuuawa. Sindano hutunzwa kwenye friji bila kugandishwa, hivyo anayesafiri nayo aibebe kwenye kibebeo chenye ubaridi.

Maudhi yake makubwa ni maumivu ya mifupa, hasa kiuno na mapaja. Panadol husaidia, ila mgonjwa apime joto kabla ya kuimeza.

Sindano hii hupunguza siku za hatari, haiziondoi. Wala haiui bakteria. Homa ikishaanza, dawa ni antibaiotiki. Kwa hiyo hata aliyechomwa, kipimajoto kikifika 38.3, safari ya hospitali ni ileile, usiku uleule. Kabla ya kutoka wodini siku ya kemo, aulize mambo mawili na kuyaandika: namba ya simu ya kupiga usiku, na hospitali iliyo karibu na kwake yenye antibaiotiki ya mshipa saa zote.