Mateka Walioshika Mtutu: Rekodi za Askari Watumwa, Kutoka Kairo hadi Usumbura

Ukisimama vilima vya Bugarama (hii ya Rumonge, si ile ya Muramvya) siku isiyo na ukungu, ng'ambo ya Tanganyika unaona milima ya Kongo. Katika miaka ya 1880 Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, alitamani pande zote mbili za ziwa. Upande wa Burundi majeshi ya Mwezi Gisabo yalimzuia asipande milimani. Upande wa pili hakukuwa na mfalme wa namna hiyo, na huko ndiko rekodi nyingi za makala hii zilikowekwa.

Waliotawala muda mrefu kuliko wote ni Wamamluki wa Misri: miaka 267, kuanzia 1250 hadi 1517. Walinunuliwa wakiwa vijana, wakafundishwa farasi na upinde, kisha wakamwondoa bwana wao wakakaa wenyewe kwenye kiti. Neno lao kwa Kiarabu maana yake ni "anayemilikiwa". Sisi Waswahili tumelipindua: mamluki kwetu ni anayepigana kwa kulipwa.

Aliyepanda haraka zaidi katika Maziwa Makuu, kwa hesabu yangu, ni Ngongo Lutete. Alitekwa akiwa mtoto, akakulia mikononi mwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na ushujaa wake vitani ukamtoa utumwani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 alikuwa jemadari wa Tippu Tip, na mji wake Ngandu, kando ya mto Lomami, ulijaa watu wenye bunduki.

Njia ya kuwapata watu hao ilikuwa fupi. Kijiji kikivamiwa, wavulana hawakuuzwa wote. Baadhi walibaki na msafara, wakabeba mizigo, wakapika, wakambebea mkubwa bunduki yake. Mwaka mmoja au miwili baadaye bunduki ilikuwa yao. Mshahara haukuwepo, kulikuwa na fungu la ngawira, nguo, na mke kutoka mateka wapya. Kijana aliyetekwa jana leo anateka, na akirudi kwao hana wa kumpokea. Ndugu yake ni kikosi, baba yake ni Ngongo. Hapo ndipo nguvu ya jeshi la aina hii ilipo, na ndipo hatari yake ilipo pia, maana utii wake umefungwa kwa mtu mmoja.

Mwaka 1892 Ngongo alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis, akageuka, akapigana upande wao dhidi ya Sefu, mwana wa Tippu Tip. Mwaka uliofuata Nyangwe na Kasongo zikaanguka. Kisha, tarehe 15 Septemba 1893, maofisa wa dola ile ile wakampiga Ngongo risasi huko Ngandu kwa tuhuma ya uhaini, kesi ikiwa imekwisha upesi mno. Hiyo naiita risasi ghali kuliko zote katika historia ya Dola Huru.

Askari wake wengi waliingizwa katika jeshi la dola, wakawekwa pamoja Luluabourg. Kuwaweka pamoja lilikuwa kosa la pili. Walipewa viboko na malalamiko yao hayakusikilizwa, na kila jioni aliyekaa jikoni karibu nao alikuwa mtu aliyemjua Ngongo. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi na kumuua kamanda wao, Pelzer. Wazungu waliwaita waasi hao Watetela, ingawa kambi ile ilikuwa mchanganyiko wa makabila. Mateka hawatoki kijiji kimoja.

Safari ndefu zaidi ni ya wenzao. Februari 1897 kikosi cha mbele cha msafara wa Dhanis kuelekea Nili, chenye watu wengi wa asili hiyo hiyo, kiliasi huko Ndirfi. Kwa miaka mitatu walishuka kusini wakipigana magharibi ya maziwa. Kutoka Ndirfi hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, ni mamia ya kilomita ukinyoosha mstari, nao hawakutembea kwa mstari. Mwaka 1900 waliobaki kati yao waliingia upande wa Wajerumani, wakaweka silaha chini huko Usumbura.

Na jeshi la Wajerumani lililozipokea bunduki hizo? Lilianzishwa 1889 kwa Wasudani walioajiriwa Kairo, wengi wao wakiwa wametoka katika jeshi la Misri, ambalo kwa miongo mingi lilijaza vikosi vyake kwa vijana waliotekwa Sudani.