Diski ipi ni ipi? Kusoma sda na nvme bila kufuta kisichofutwa

Mwanafunzi wa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, anataka kuweka Linux kwenye laptopu yenye Windows. Amechomeka flashi ya GB 16 yenye programu ya usakinishaji, naye anafika kwenye ukurasa wa kugawa diski. Hapo haoni C wala D, bali sda na nvme0n1. Wengi hudhani sda, kwa kuwa imetangulia, ndiyo diski ya mashine. Kwenye laptopu hii, sda ni flashi.

Herufi sd zilianzia kwenye diski za aina ya SCSI, na leo Linux huzitumia pia kwa diski za SATA na za USB. Herufi ya tatu ni zamu tu: iliyogunduliwa kwanza ni a, inayofuata b. Ukiwasha tena ukiwa umechomeka flashi nyingine, zamu inaweza kubadilika. Ndiyo maana jina pekee si ushahidi, na amri hii inafaa iandikwe kwanza kwenye dirisha la amri:

```
lsblk -d -o NAME,SIZE,TRAN
NAME      SIZE TRAN
sda      14.9G usb
nvme0n1 476.9G nvme
```

Ukubwa na njia ya kuunganishwa vinamaliza ubishi. Diski iliyouzwa kama GB 512 inasomeka 476.9G kwa sababu lsblk huhesabu kwa 1024 badala ya 1000, hakuna kilichopotea.

Katika nvme0n1, sifuri ni namba ya kidhibiti cha diski, kinachohesabiwa kuanzia 0. Ile n1 ni eneo la kwanza la hifadhi ndani yake, nalo huhesabiwa kuanzia 1. Patisheni huongezewa p: nvme0n1p3. Bila p hiyo, 1 na 3 zingesomeka 13. Kwa sda haihitajiki, kwa kuwa jina linaishia na herufi. Patisheni yake ya kwanza ni sda1.

Sasa tuitazame laptopu yenyewe. Windows imeshika p1 hadi p4: p1 ya kuwashia, p2 ndogo ya akiba, p3 yenye mafaili yote, na p4 ya kurejeshea mfumo. Mwanafunzi anapunguza p3 na kuweka Linux kwenye nafasi iliyoachwa. Patisheni mpya inapewa p5, ingawa kwenye diski imekaa kati ya p3 na p4. Namba hufuata nafasi tupu kwenye jedwali la patisheni, si mpangilio wa diski. Kwenye diski za zamani za MBR kuna ruko jingine: namba 1 hadi 4 ni za patisheni kuu, na zile za ndani huanzia 5 hata kama 3 na 4 hazipo.

Kabla ya kubofya kitufe cha kusakinisha, soma muhtasari wa mabadiliko. Ukiona nvme0n1p3 imewekewa alama ya kufomatiwa, rudi nyuma: humo ndimo mafaili yako yalimo.