Kutafuta k kwenye picha ya swali

Picha imepigwa kwa simu, ukurasa wa kitabu umejikunja, na kivuli cha mkono kimeangukia upande wa kulia. Swali linasema kwamba muda wa kusubiri basi, kwa dakika, unafuata fomyula f(x) = kx(6 − x), na mwanafunzi atafute k. Mipaka ya x inaanzia sifuri, hiyo inasomeka vizuri. Namba ya mwisho ndiyo yenye ukungu: yaweza kuwa 6, yaweza kuwa 8. Wengi huikisia haraka wakaanza kukokotoa. Mimi nasema hapo ndipo pa kusimama kwanza, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua jibu.

Muda wa kusubiri waweza kuwa dakika 2, au 2.3, au 2.31, hauna hesabu ya kituo kwa kituo. Kwa hiyo uwezekano hapa haukai kwenye namba moja moja. Umetandazwa juu ya dakika zote. Ukichora f, kimo cha mstari kinaonyesha mahali uwezekano uliporundikana zaidi, lakini uwezekano wenyewe ni eneo lililo chini ya mstari kati ya muda mmoja na mwingine. Na kwa kuwa msafiri lazima asubiri muda fulani ndani ya mipaka iliyotajwa, eneo lote kwa jumla ni 1. Kazi ya k ni kuunyanyua au kuushusha mchoro mzima bila kubadili mipaka yake, na kipo kimo kimoja tu kinacholipa eneo hilo 1 kamili.

Tuchukue kwamba mpaka ni 6. Mchoro unaanzia sifuri, unapanda kama kilima hadi x = 3, ambapo kimo ni 9k, kisha unashuka na kugusa sifuri tena kwenye 6. Umbo hili huitwa parabola, na eneo lake halihitaji hesabu za juu. Arkimedes wa Sirakusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kanuni inayotuambia kwamba kilima cha namna hii huchukua theluthi mbili za mstatili unaokifunika. Mstatili wetu una kitako 6 na kimo 9k, eneo lake 54k. Theluthi mbili zake ni 36k. Hiyo ikiwa sawa na 1, k ni 1/36. Anayejua intigro ataona jambo lile lile: 3x² − x³/3, ukiweka 6, ni 108 toa 72, yaani 36.

Sasa tujaribu 8. Intigro inatoa 192 toa 512/3, sawa na 64/3, na k inakuwa 3/64. Jibu ni chanya, ni sehemu nadhifu, na jumla inatimia 1. Hakuna kengele inayolia. Lakini weka x = 7 kwenye fomyula: 7 mara −1 ni −7, na kimo kinaangukia chini ya sifuri. Kipande kati ya 6 na 8 kinatoa uwezekano hasi, kitu kisichokuwapo, na hesabu ilikuwa inakipunguza kimyakimya kwenye eneo halali. Basi 8 haiwezi kuwa sahihi, hata kama ndiyo inayoonekana kwenye picha. Eneo kuwa 1 ni sharti moja. Mstari kutoshuka chini ya sifuri popote ni sharti la pili, na k iliyopatikana bila kuliangalia hilo la pili haijakamilika.

Kuna kosa jingine ambalo ni gumu zaidi kulinasa. Mwanafunzi anaweka x = 0, 1, 2 hadi 6, anapata 0, 5, 8, 9, 8, 5, 0, anajumlisha 35, na kuandika k = 1/35. Limekaribia mno jibu sahihi hata jicho linapita. Kujumlisha hivyo kungefaa kama swali lingesema x ni namba kamili tu, labda idadi ya abiria. Kwa hiyo kwenye picha tazama kama mipaka imeandikwa 0 ≤ x ≤ 6, au ni orodha yenye mikato na nukta tatu. Alama hizo ndogo ndizo hupotea kwanza picha inapokosa mwanga.

Ukishapata 1/36, ijaribu. Uwezekano wa kusubiri chini ya dakika 2 unatoka 7/27. Kati ya dakika 2 na 4 ni 13/27. Kilima kina pande mbili zinazolingana, hivyo dakika mbili za mwisho nazo ni 7/27. Saba, kumi na tatu na saba ni ishirini na saba.