Akaunti ya kusoma tu: jinsi ya kumwandikia mwenye mfumo

Mifumo mingi ya hesabu inayouzwa kwa vyama na biashara ndogo huja na aina chache za watumiaji: msimamizi wa mfumo, mhasibu, keshia, na pengine afisa mikopo. Kila mmoja wao ana kitu cha kuingiza au kubadilisha. Anayesahaulika ni yule ambaye kazi yake ni kuangalia peke yake, kama vile mkaguzi wa nje, mjumbe wa kamati ya usimamizi au mwenyekiti wa bodi. Taasisi inapokutana na pengo hilo hulazimika kumwandikia barua pepe mwenye mfumo, na barua hiyo hujibiwa haraka au hukaa miezi kutegemea namna ilivyoeleza haja.

Kinachoombwa si kigeni kwa watengenezaji wa programu. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani waliandika kwamba kila mtumiaji wa kompyuta apewe ruhusa zinazotosha kazi yake na zisizozidi hapo. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wakaeleza utaratibu wa kufungamanisha ruhusa na kazi, kisha mtu akapewa kazi hiyo, badala ya kumgawia kila mtu ruhusa moja moja. Mfumo wenye “Keshia” na “Mhasibu” tayari unafuata utaratibu huo. Unachokosa ni kundi moja zaidi.

Hasara iliyofichwa nyuma ya nywila moja

Chukua mfano wa SACCOS ya walimu nchini Tanzania. Vitabu vyake hukaguliwa na wakaguzi wa nje kila mwaka, na Kamati ya Usimamizi iliyochaguliwa na mkutano mkuu huvipitia kila robo mwaka. Katika mfumo wake keshia haioni leja kuu. Anayeiona ni mhasibu, lakini mhasibu pia huandika. Kwa kuwa hakuna njia ya katikati, wakaguzi wanapofika hupewa nywila ya mhasibu.

Siku moja mkaguzi anafungua mkopo wa shilingi 3,000,000 wa miezi 12, wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye mkopo wote wa awali. Rejesho la kila mwezi ni shilingi 295,000, yaani 250,000 za mkopo na 45,000 za riba. Mkaguzi anataka kujua mfumo unakokotoaje, hivyo anaandika 10 mahali palipokuwa na 12, anatazama rejesho likipanda hadi 345,000, kisha badala ya kubonyeza “Ghairi” anabonyeza “Hifadhi”. Riba yote ya mkopo huo imeshuka kutoka 540,000 hadi 450,000. Chama kimepoteza shilingi 90,000, na mwanachama atakatwa 50,000 zaidi kila mwezi bila kuambiwa.

Kosa lenyewe hurekebishika. Kisichorekebishika ni kumbukumbu za mfumo, kwa sababu zinaonyesha kwamba aliyebadilisha mkopo ni mhasibu. Mhasibu hawezi kujitetea, na mkaguzi hawezi kushtakiwa. Tena kuanzia siku hiyo kila badiliko lililofanywa kwa jina la mhasibu wakati wa ukaguzi lina shaka. Hapo ndipo ilipo haja halisi ya chama, na ndiyo inayopaswa kubeba barua.

Barua yenyewe

Waombaji wengi huandika sentensi moja: “Tunaomba mtuwekee akaunti ya kuangalia tu.” Mtengenezaji akiisoma hajui nani ataitumia, aone nini, wala kwa nini akaunti zilizopo hazitoshi. Huirudisha kwa maswali au huiweka mwisho wa foleni. Barua ya SACCOS hiyo ingeweza kuwa hivi:

> Yah: Ombi la aina ya mtumiaji wa kusoma tu kwa wakaguzi na Kamati ya Usimamizi
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Chama chetu kinatumia mfumo wenu, toleo la 4.2, kikiwa na watumiaji 6. Kila mwaka tunapokea wakaguzi wa nje 2 kwa wiki 3, na wajumbe 3 wa Kamati ya Usimamizi hupitia vitabu kila robo mwaka. Watu hawa 5 wanahitaji kuona leja kuu, akiba, hisa, mikopo, stakabadhi, ripoti na kumbukumbu za mabadiliko. Hawapaswi kuingiza, kubadilisha, kuidhinisha wala kufuta chochote.
>
> Kwa sasa anayeiona leja kuu kwa ruhusa ndogo zaidi ni Mhasibu, hivyo wakaguzi wamekuwa wakitumia akaunti yake. Katika ukaguzi uliopita, muda wa mkopo mmoja ulibadilika kutoka miezi 12 hadi 10, na riba ikapungua kwa Sh 90,000. Kumbukumbu zinaonyesha jina la mhasibu, na hatuna namna ya kuthibitisha nani alifanya.
>
> Tumejaribu kuwapa wakaguzi ripoti zilizotolewa kwenye Ekseli. Hazikuwafaa, kwa kuwa haziwawezeshi kufuata kiasi kimoja kutoka kwenye ripoti hadi kwenye stakabadhi yake.
>
> Tunaomba aina ya mtumiaji ambaye anaona kila kitu kilichotajwa hapo juu. Anakataliwa na seva akijaribu kuhifadhi chochote. Anaweza kuzuiwa kupakua orodha ya wanachama. Na akaunti yake ina tarehe ya kufungwa yenyewe. Hatuombi ruhusa zinazobadilika kwa kila ukurasa.
>
> Kama jambo hili linawezekana kwa mpangilio uliopo, tunaomba mtuelekeze. Kama halipo, tunaomba kujua kama mnaweza kulitengeneza, kwa gharama gani na lini. Ukaguzi ujao unaanza mwezi Februari.
>
> Meneja

Kila aya hapo ina kazi. Ya kwanza inataja watu kwa idadi na muda, kwa sababu mtengenezaji hupima ombi kwa kuangalia wateja wangapi wengine wana watu kama hao. SACCOS yoyote ina wakaguzi na kamati, hivyo akisoma “wakaguzi” anaona soko zima, lakini akisoma “rafiki wa mwenyekiti” anaona mteja mmoja msumbufu. Aya ya pili inaonyesha hasara kwa tukio moja lenye tarakimu. Ya tatu inamwokoa asipendekeze njia ambayo imeshashindikana.

Aya ya nne ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Inaeleza matokeo yanayotakiwa bila kumwelekeza mtengenezaji aweke kitufe wapi, na inataja pia kisichoombwa. Kusema “hatuombi ruhusa zinazobadilika kwa kila ukurasa” kunapunguza kazi sana, maana kundi moja lenye ruhusa zisizobadilika ni jepesi kutengeneza kuliko jedwali la visanduku ambalo kila mteja atalipanga anavyotaka.

Barua hutumwa na meneja kwa sababu huenda jibu likawa na gharama. Picha za skrini zinazoambatanishwa zifichwe majina, namba za wanachama na salio zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kumtumia mtengenezaji ukurasa wa mikopo ya watu halisi kwa ajili ya kumwonyesha kitufe ni kutoa taarifa bila sababu.

“Kusoma tu” isiyo ya kweli

Maneno “anakataliwa na seva” yamewekwa kwenye barua kwa makusudi. Njia ya mkato ya kumfanya mtu asibadilishe kitu ni kuficha kitufe cha “Hifadhi” kwenye skrini yake. Lakini kitufe ni mlango wa kufikia amri, na amri yenyewe bado ipo kwenye seva. Anayejua anwani ya ukurasa wa kuhariri anaweza kuiandika mwenyewe kwenye kivinjari, na seva ikipokea amri bila kuuliza ni nani aliyeituma, badiliko linapita. Ulinzi wa kweli ni seva kukagua ruhusa kila mara inapoombwa kuandika, hata kama skrini haionyeshi kitufe chochote.

Kuna tatizo jingine ambalo mtengenezaji mwenyewe huenda asilikumbuke. Baadhi ya kurasa za kutazama huandika kimyakimya. Kufungua ripoti ya mikopo chechefu kunaweza kuufanya mfumo ukokotoe upya siku za kuchelewa na kuzihifadhi, na kuchapisha stakabadhi upya kunaweza kuongeza namba ya nakala. Mtumiaji wa kusoma tu akizuiwa kabisa kuandika, kurasa hizo zitamletea ujumbe wa kosa. Akiruhusiwa kwa ajili ya kurasa hizo, basi kusoma kwake si kusoma tu. Ni kazi ya mtengenezaji kutenganisha hesabu na kuhifadhi, na kazi hiyo ndiyo mara nyingi inayofanya ombi linaloonekana dogo kuchukua wiki kadhaa.

Hata akaunti iliyotengenezwa vizuri haizuii kila kitu. Anayeweza kusoma anaweza kunakili au kupiga picha ya skrini. Kuzuia upakuaji wa orodha nzima kunapunguza hatari ya taarifa za wanachama wote kutoka kwa mkupuo mmoja, lakini usiri unaobaki hulindwa na mkataba wa ukaguzi.

Majibu yanayokuja na namna ya kuyapima

Jibu zuri kuliko yote ni kwamba jambo hilo tayari lipo, limefichwa kwenye mipangilio. Jibu la pili ni kwamba litawekwa kwenye toleo lijalo; hapo chama kiombe tarehe kwa maandishi. La tatu ni kutengenezewa kwa malipo. Kabla ya kulipa, chama kiulize kama aina hiyo mpya itabaki mfumo utakapopandishwa toleo, na kama kila mkaguzi atahesabiwa kama mtumiaji wa kulipiwa leseni.

Jibu la nne linahitaji tahadhari. Mtengenezaji anaweza kujitolea kumpa mkaguzi njia ya kusoma hifadhidata moja kwa moja kwa amri kama hii:

```sql
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO mkaguzi;
```

Amri hiyo ya PostgreSQL inatoa ruhusa ya kusoma peke yake, ingawa haiondoi ruhusa nyingine ambazo mtumiaji huyo huenda tayari anazo. Lakini humwonyesha mkaguzi majedwali ghafi, pamoja na lile linalotunza nywila za watumiaji, ambazo hata zikiwa zimefumbwa hazimhusu. Pia salio linaloonekana kwenye skrini mara nyingi hukokotolewa na programu kutokana na miamala, wala halikai kwenye jedwali lolote, hivyo mkaguzi anaweza kupata tarakimu tofauti na za chama.

Akaunti ikishaletwa, majaribio matatu yanatosha kabla ya kuikabidhi, na yafanyike kwenye nakala ya majaribio au mkopo wa mfano. La kwanza, mhasibu afungue ukurasa wa kuhariri mkopo, anakili anwani yake, kisha mtu aliyeingia kwa akaunti mpya aibandike na kujaribu kuhifadhi. Jibu sahihi ni kukataliwa. La pili, akaunti mpya ifungue kila ripoti inayotumika kwenye ukaguzi, na kusitokee ujumbe wa kosa hata kwenye ripoti moja. La tatu, kumbukumbu za mfumo zifunguliwe ili kuona kwamba jaribio lililokataliwa limeandikwa kwa jina la mkaguzi, saa na tarehe yake. Baada ya hapo mhasibu hubadilisha nywila yake, na akaunti za wakaguzi hupewa tarehe ya kufungwa inayolingana na siku ya mwisho ya ukaguzi.